Kopo la Chumvi Limehama

Mke amefika Kisauni jana usiku, baada ya mkataba wa miaka 2 wa kazi za nyumbani Riyadhi. Alfajiri anaamka kabla ya adhana, kama alivyozoea kule, anaingia jikoni kuwakaangia watu wake mayai. Anapeleka mkono kwenye rafu ya kushoto, mahali alipolizoea kopo la chumvi tangu aolewe. Halipo. Anafungua kabati, anainua sufuria, anachungulia chini ya meza. Mume anaingia, anapitisha mkono nyuma ya jerikeni la maji, analitoa kopo bila hata kutazama.

"Niachie mimi, mama," anamwambia. "Wewe kapumzike. Umetoka mbali."

Ni maneno ya huruma, na yametoka moyoni. Lakini mke anakwenda kukaa kitandani, machozi yanamtiririka, na hawezi kumweleza mtu yeyote anacholilia.

Nyumba hii nimeichora mwenyewe ili tuwe na mfano wa kufuata, lakini mambo yaliyomo ni ya kila siku katika mitaa ya Mombasa, Kilifi na Kwale, ambako wanawake wengi wamekwenda Saudia na nchi jirani kutafuta riziki. Ingeweza pia kuwa nyumba ya baharia, au ya mlinzi aliyetoka Katari. Kinachobadilika ni nani aliyeondoka. Kinachowasumbua wawili hao baada ya kurudi hakibadiliki sana.

Pengo lililozibwa

Mtu akiondoka nyumbani kwa muda mrefu, kazi zake hazisimami zikamngoja. Kuna mtoto wa kuamshwa, karo ya kulipwa, mwenye nyumba wa kubembelezwa kodi ikichelewa. Wiki za mwanzo kila kitu huyumba. Kisha aliyebaki hujifunza, jamaa husaidia, na baada ya miezi kadhaa nyumba hupata mwendo mpya. Katika mfano wetu mume ni dereva wa tuktuk. Alijifunza kupika, kufua sare za shule na kusuka nywele za binti yake mistari miwili. Mamake alihamia kwao kumlea mtoto mdogo. Pengo likazibwa, na lilipaswa kuzibwa, kwa sababu watoto hawawezi kula kumbukumbu.

Taabu ni kwamba aliye mbali haoni pengo likizibwa. Yeye hubeba picha ya nyumba kama alivyoiacha, na picha hiyo ndiyo humpa nguvu usiku. Mwanasosholojia Alfred Schutz, ambaye mwenyewe aliihama Austria yake, aliandika makala mwaka 1945 kuhusu mtu anayerudi nyumbani. Alieleza kwamba mgeni anayeingia nchi ngeni hutarajia kutoelewa mambo, lakini anayerudi kwao hutarajia kukuta yale yale aliyoyaacha, na hapo ndipo anapojikwaa. Nyumba imebadilika, naye amebadilika, na kila upande unamtazama mwenzake wa zamani.

Simu nayo huwaficha. Dakika 15 za video jioni, mke akiwa amejifungia chumbani baada ya kazi, hazitoshi kugombana. Kila mmoja huonyesha uso mzuri: yeye hasemi kwamba leo alilia, mume hasemi kwamba mtoto amefukuzwa shule kwa karo. Watafiti wa Marekani, akiwemo Laura Stafford, waliwafuatilia vijana wa vyuo waliokuwa wakipendana wakiwa mbalimbali, na mwaka 2006 wakachapisha walichokiona. Miongoni mwa wale waliofikia kuishi mji mmoja, karibu theluthi moja waliachana ndani ya miezi 3. Hao walikuwa wachumba tu, hawakuwa na watoto wala mahari kati yao, kwa hiyo hesabu yao haiwezi kupachikwa juu ya ndoa za kwetu. Sababu walizozitaja, hata hivyo, tunazijua: kupoteza uhuru wa kujipangia siku, na kukutana na tabia ambazo simu haikuzionyesha.

Ugeni usiokwisha

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa anayerudi kutoka mbali, familia nyingi hukosea jembe hilo kwa njia mbili. Wengine humpa siku ya kwanza: mume anaona mwenyewe amerudi, analala, na kazi zote zinamwangukia mke ambaye bado miguu imevimba kwa safari. Wengine hawampi kabisa. Mwezi unapita, yeye bado anaambiwa apumzike, chakula kinaletwa mezani, maamuzi yanafanywa na mume na mama mkwe kwa lugha ya mafumbo waliyoizoea. Anaheshimiwa, lakini hana mahali pake.

Upande wa pili kuna maumivu yasiyosemwa. Mume aliyeshika nyumba miaka 2 amevumilia maneno ya barazani, kwamba amekaliwa, kwamba anakula jasho la mwanamke. Amejivunia kimya kimya kwamba watoto hawakulala njaa. Sasa mke anaingia, anapanga upya vyombo, anasema, "Hivi ndivyo mlivyokuwa mnaishi?" Kwa mke ni kutafuta mahali pa kusimama. Kwa mume ni kuachishwa kazi bila hata asante.

Njia inayofaa ni kukabidhiana kazi moja moja, na si kwa kubahatisha. Wiki ya kwanza isibadilishwe kitu. Aliyerudi atazame tu: nani huamka kwanza, nani huzungumza na mwalimu, maji huletwa na nani na kwa kiasi gani. Wiki ya pili wakae wawili, waandike kazi zote za nyumba kwenye karatasi, na mbele ya kila kazi jina la anayeifanya sasa. Kisha yule anayeifanya aulizwe: unataka kuishika, kuiachia, au tuigawane? Majibu hushangaza. Katika nyumba yetu ya mfano, mume anataka kuendelea kumsuka binti yake, kwa sababu dakika zile 30 za Jumapili ndizo mtoto humwambia mambo ya shuleni. Anachotamani kuachia ni mazungumzo na mwenye nyumba.

Kazi inapohama, ihame na habari zake. Kumwambia mke "mambo ya shule sasa ni yako" hakutoshi. Amwambie salio la karo ni kiasi gani, mwalimu yupi husikiliza na yupi hasikilizi, mtoto gani hupata kifua wakati wa kusi. Aliyerudi naye, kabla ya kubadilisha jambo, aulize kwanza kwa nini linafanywa hivyo. Kazi moja kwa wiki ni mwendo wa kutosha. Wakifika mwezi wa tatu, karatasi ile itakuwa imejaa mishale, na nyumba itakuwa na mpango ambao wote wawili wameuandika.

Hesabu ya shilingi laki sita

Jambo linalovunja nyumba nyingi kuliko yote ni pesa zilizotumwa. Tufuate hesabu ya mfano wetu. Mke alilipwa riyali 1,000 kwa mwezi. Riyali hubadilishwa kwa kiwango kisichoyumba cha 3.75 kwa dola, kwa hiyo kwa viwango vya karibuni hiyo ni karibu shilingi 34,000 za Kenya. Alituma 25,000 kila mwezi kwa miezi 24. Jumla ni 600,000. Usiku kule Riyadhi alizihesabu, na kila alipozihesabu aliona nyumba ya vyumba viwili yenye mabati mekundu. Amerudi, anaonyeshwa msingi wenye majani yaliyoota katikati.

Neno la kwanza linalokuja mdomoni ni "umekula pesa zangu". Likishatoka, halirudi. Sasa tazama zilikokwenda. Kodi ya nyumba 6,000 kwa mwezi, kwa miezi 24, ni 144,000. Nyongeza ya chakula, gesi na maji 9,000 kwa mwezi ni 216,000. Karo ya watoto 2, kila mmoja 12,000 kwa muhula, kwa mihula 6, ni 144,000. Hapo tayari 504,000 zimekwisha, na hakuna shilingi iliyoibiwa. Zinabaki 96,000. Mama mkwe alilazwa hospitali, zikaenda 40,000. Zilizosalia 56,000 ndizo zilizochimba ule msingi na kuumwagia zege.

Kwa hiyo mume hakula pesa. Alikosea jambo jingine, ambalo ni kubwa pia: hakumwambia mkewe mapema kwamba nyumba haitafika. Kila alipoulizwa kwenye simu alijibu "tunaendelea", kwa kuogopa kumvunja moyo mtu aliye ugenini. Mke naye hakuwahi kuuliza matumizi ya mwezi yanafika ngapi. Uongo mdogo wa huruma ulilimbikizana ukawa deni.

Ndiyo maana hesabu ifanywe, lakini si wiki ya kwanza na si mbele ya ndugu. Wiki ya tatu au ya nne, mchana, watoto wakiwa shule. Wachukue taarifa ya M-Pesa ya miezi yote, waigawe mafungu manne: yaliyoliwa, yaliyolipwa kwa watoto, yaliyokwenda kwa jamaa, na yaliyojenga. Lengo la kikao ni kujua, si kuhukumu. Fungu linaloleta moto mara nyingi ni lile la jamaa, kwa sababu hapo kila mmoja ana mamake. Kama kuna fungu lisiloelezeka kabisa, na mwenye kushika pesa anakasirika kila likiguswa, hapo kuna tatizo la kweli linalohitaji mtu wa tatu: mzee anayeaminika na pande zote mbili, sheikh, mchungaji, au mshauri wa ndoa.

Kikao hicho kina kazi nyingine. Mshahara umekatika siku aliyopanda ndege, lakini matumizi hayakukatika. Masanduku yenye mablanketi, udi na manukato huwafanya jirani na ndugu waamini kwamba pesa zipo, na maombi ya mikopo huanza wiki ile ile. Wawili hao wanahitaji kujua wana akiba ya miezi mingapi, na kukubaliana jibu moja la kumpa kila anayeomba. Wasipofanya hivyo, baada ya miezi 4 au 5 jibu pekee litakalobaki ni kusaini mkataba mwingine.

Chumbani

Watu wengi hudhani usiku wa kwanza utamaliza kila kitu. Mara nyingi haumalizi. Mwili uliokaa miaka 2 ukilala kwa tahadhari katika chumba kidogo jirani na dobi, ukisikiliza kama unaitwa, hauwezi kulegea kwa sababu tu umebadilisha kitanda. Wengine hushtuka wakiguswa usingizini. Wengine huona haya kama maharusi, na haya hiyo haina maana ya kwamba mapenzi yamekwisha. Mume naye huingiwa na hofu ya kupimwa, na akikataliwa usiku mmoja hutafsiri kwamba kuna mtu kule.

Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) alimkataza msafiri aliyekaa mbali muda mrefu kuwaingilia watu wake usiku bila kutarajiwa. Sababu zilizotajwa ni za kiutu kabisa: aliyebaki apate nafasi ya kujitengeneza, na anayerudi asiwe kama anayevizia makosa. Hekima hiyo haina mpaka wa dini. Anayerudi atoe taarifa ya siku na saa, na ukaribu nao upewe taarifa vivyo hivyo. Waanze kwa kukaa pamoja, kula pamoja, kutembea hadi ufukweni bila watoto. Wakubaliane kwamba yeyote kati yao anaweza kusema "leo bado" bila kuulizwa maswali ya polisi.

Kuna mambo mawili ya afya ambayo ni lazima yatamkwe. La kwanza ni kupima virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa, wote wawili, siku moja, kituo kimoja. Kwenda pamoja huondoa fedheha ya "wewe ndiye unayeshukiwa". Vipimo vya haraka vinaweza kukosa maambukizo ya wiki chache zilizopita, kwa hiyo mhudumu anaweza kuwaomba warudie baada ya miezi 3 hivi, na katika kipindi hicho mpira ni kinga ya wote wawili. Mke atasema alipimwa kabla ya kusafiri. Ni kweli, wafanyakazi hupimwa kabla ya kwenda Ghuba, lakini kipimo kile kilisema habari za siku ile tu.

La pili ni uzazi. Baadhi ya wanawake husafiri wakiwa na kijiti mkononi, ambacho hufanya kazi miaka 3 au 5 kulingana na aina yake. Mume asiyejua husubiri mimba, haiji, na minong'ono ya ndugu huanza. Mwingine husafiri bila kinga yoyote, akashika mimba mwezi wa kwanza wa kurudi, kabla hata hawajajua kama ndoa yao imesimama. Mwezi wa kwanza wazungumze wazi: tunataka mtoto sasa, baadaye, au basi? Kisha waende kwa mhudumu wa uzazi wa mpango na jibu lao.

Mtoto anayemwita nyanya "mama"

Mtoto aliyeachwa na miaka 3 sasa ana 5. Amemzoea nyanya yake, anamwita mama, na mwanamke aliyeshuka na masanduku ni sura ya kwenye simu iliyoota miguu. Akijificha nyuma ya leso ya nyanya, hamkatai mzazi. Anafanya kile ambacho mtoto mwenye malezi mazuri hufanya mbele ya mtu asiyemjua.

Kosa linaloumiza zaidi ni kumrudisha nyanya kwao wiki ile ile ili mtoto "azoee kwa nguvu". Kwa mtoto huo ni msiba wa pili: kwanza mama aliondoka, sasa na huyu. Nyanya akae wiki kadhaa, apunguze kazi zake polepole. Mama achukue shughuli moja ndogo ya kila siku isiyokosa, kama kumwogesha jioni au kumpeleka shule, na adhabu aziachie kwanza wale ambao mtoto tayari anawatii. Zawadi humfurahisha mtoto siku tatu. Mtu anayekuja mlangoni pa shule kila saa saba bila kukosa, huyo mtoto humjua. Na mume awe wakili wake: mtoto akisema "simtaki huyu", baba asicheke wala asinyamaze. Aseme, "Huyu ni mamako, na mimi nilikuwa nikimngoja pamoja nawe."

Yasiyosemeka, na dalili za kuangalia

Si kila aliyerudi alifanya kazi katika nyumba njema. Chini ya utaratibu wa kafala, ukaaji wa mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri wake, na wako walionyimwa mishahara, waliofungiwa ndani, waliopigwa, walioingiliwa kwa nguvu. Mwenzi asidai kusimuliwa yote kama taarifa ya habari. Aseme mara moja, kwa sauti ya chini, kwamba yuko tayari kusikia siku yoyote na kwamba hakuna atakachoambiwa kitakachomfanya amfukuze. Kisha angoje, na neno hilo alitimize.

Miezi 3 ya kwanza yenye machozi, ukimya na ugomvi wa mambo madogo ni ya kawaida, mradi kila mwezi uwe mwepesi kidogo kuliko uliotangulia. Kisicho cha kawaida ni usingizi uliopotea kabisa kwa wiki kadhaa, ndoto za kupiga kelele, kushindwa kuwagusa watoto, kunywa kusikokuwako zamani, au kutaja kifo. Hapo ni hospitali, kwa mshauri wa afya ya akili, bila kusubiri miezi itimie. Na mkono ukiinuliwa, hata mara moja, hilo si suala la kuzoeana tena. Kenya ina nambari ya simu 1195, isiyotozwa malipo, kwa ajili ya ukatili wa kijinsia.

Katika nyumba yetu ya Kisauni, kopo la chumvi halikurudi kwenye rafu ya kushoto. Wiki ya pili, walipokaa na karatasi yao, mke aliuliza, "Baba, kwa nini chumvi inakaa nyuma ya jerikeni?" Mume akamweleza. Miezi michache baada ya yeye kuondoka, mdogo alipanda juu ya ndoo, akalimwaga kopo zima ndani ya uji, asubuhi ambayo hakukuwa na unga mwingine wala shilingi mfukoni. Walikunywa chai tupu, na yeye akaendesha tuktuk hadi saa nane ndipo akapata pesa za chakula. Hakulitaja kwenye simu. Tangu siku hiyo kopo linafichwa.

Mke alisikiliza hadi mwisho. Kisha alilichukua kopo, akalirudisha mwenyewe nyuma ya jerikeni.